Kuchagua fonti ya ilani ya Kiswahili na Kiingereza: mwongozo kamili

Ilani nyingi za lugha mbili zinazoletwa kwangu kuchapwa huja zimekwisha kuamuliwa. Kiingereza kiko juu, kwa herufi nzito zilizosimama wima. Kiswahili kiko chini, kwa herufi za mlazo, pointi mbili tatu pungufu, kimebanwa kwenye nafasi iliyobaki. Anayeleta hana nia mbaya. Aliandika kwanza kwa Kiingereza, akachagua fonti kwa kuangalia maneno ya Kiingereza, kisha akamwomba mwenzake tafsiri na kuipachika. Kwa kuwa Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ya pekee, hakuna kilichokatika wala kugeuka kisanduku kwenye skrini, basi akaona mambo yako sawa.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Fonti inaweza kuwa na herufi zote za Kiswahili na bado ikakibeba vibaya. Njia ninayoifuata ni kinyume cha hiyo: naijaribu fonti kwa Kiswahili kwanza, nikiridhika nakiingiza Kiingereza katika fonti ileile. Nitaeleza kwa mfano mmoja, ilani ya kukatwa maji itakayobandikwa ukutani kwenye karatasi ya A3 katika mji wa Kenya.

Kwanza, andika maneno yote kabla ya kufungua orodha ya fonti

Haya ndiyo maneno yetu. Kichwa ni "Ilani kwa Umma" upande mmoja na "Public Notice" upande wa pili. Chini yake:

> Maji yatakatwa Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ili kukarabati bomba kuu. Wakazi wanaombwa kuhifadhi maji ya kutosha.

> Water will be shut off on Tuesday from 8 a.m. to 5 p.m. for repairs to the main pipe. Residents are asked to store enough water.

Yahesabu. Kiswahili kina maneno 23 na herufi 122. Kiingereza kina maneno 26 na herufi 95, ukiacha tarakimu. Maneno ya Kiswahili ni machache lakini marefu, kwa sababu kitenzi kimoja kinambeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Hii ina maana kwamba Kiswahili kitahitaji nafasi zaidi, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko kuligundua baadaye na kutafuta dawa kwa kupunguza pointi.

Hesabu nyingine ndiyo iliyo muhimu zaidi. Katika maandishi hayo ya Kiswahili, herufi 29 kati ya 122 ni *a*. Karibu robo nzima. Katika Kiingereza *a* ni 8 tu kati ya 95. Kwa hiyo ukichagua fonti yenye *a* mbaya, Kiingereza kitajikwaa mara moja moja, lakini Kiswahili kitajikwaa karibu katika kila neno.

Kabla hujaendelea, tazama pia saa. Kiswahili kinasema saa mbili pale Kiingereza kinaposema 8, na saa kumi na moja pale kinaposema 5. Wapo wanaotaka kuokoa nafasi kwa kuweka mstari mmoja wa tarakimu katikati, utumike na lugha zote mbili. Usifanye hivyo. Mwenye kusoma "2:00" karibu na "8:00" atadhani moja ni kosa la uchapaji. Upande wa Kiswahili uandike saa kwa maneno, pamoja na asubuhi au jioni, na kila lugha ibaki na saa zake ndani ya sentensi yake.

Pili, chagua kwa *a*

Kuna *a* za aina mbili. Ya kwanza ina tumbo chini na kifuniko kilichopinda juu, kama zilivyo nyingi vitabuni. Ya pili ni duara lenye mkongojo upande wa kulia, kama tunavyoiandika kwa kalamu. Century Gothic, Futura na Comic Sans zina hii ya pili. Ukiwa karibu inapendeza. Ukienda hatua nne nyuma, au karatasi ikipigwa na jua, mkongojo unafifia na kinachobaki ni *o*.

Kiingereza kinaweza kuvumilia hilo, maana konsonanti zake nyingi humsaidia msomaji kubahatisha. Kiswahili kina jozi tele za maneno yanayotofautiana kwa vokali hiyo tu: *bara* na *bora*, *taa* na *toa*, *kata* na *kota*. Niliwahi kuchapa tangazo la mkutano wa kata kwa Century Gothic kwa sababu mteja aliipenda. Nikalibandika mlangoni ili nilione kwa mbali, na mama anayeuza mahamri jirani yetu akasimama mbele yake.

"Mwanangu, mkutano ni wa kata au wa kota?"

"Wa kata, mama."

"Basi andikeni kata."

Neno lilikuwa limeandikwa sawasawa. Fonti ndiyo iliyolibadilisha, na tangu siku hiyo kila fonti naijaribu kwa kuandika *bara bora taa toa kata kota* na kusimama mbali.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Ipo fonti ya bure iitwayo Andika, iliyotengenezwa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha, na jina lake limetoka katika Kiswahili chetu. Ilibuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na kwa hiyo *a* yake ya kawaida ni ile ya duara, inayofanana na mwandiko wa mkono wa mwanafunzi. Kwenye kitabu cha darasa la kwanza, kilicho sentimita thelathini kutoka usoni, ni chaguo zuri sana. Kwa ilani ya ukutani singeiweka ilivyo. Ndani yake imefichwa pia *a* yenye kifuniko, unaweza kuiita kwa programu inayoruhusu kuchagua maumbo mbadala, na ukifanya hivyo inakuwa fonti nzuri ya ilani.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya herufi za mlazo zikidhuru Kiswahili kuliko Kiingereza. Katika Times New Roman na Georgia, *a* iliyosimama ina kifuniko, lakini ukibonyeza kitufe cha mlazo inageuka kuwa ya duara. Yule aliyeweka Kiswahili kwa mlazo "ili zitofautiane" hakukishusha hadhi tu, amekiondolea pia umbo linalokisaidia kusomeka. Alama za barabarani za Ayalandi zinaonyesha tabia hiyo kwa lugha nyingine: jina la mahali kwa Kiayalandi huandikwa kwa mlazo na herufi ndogo, na la Kiingereza kwa herufi kubwa zilizosimama. Utazijua kuwa lugha mbili, lakini pia utajua ipi inasema kwa sauti kubwa.

Tatu, andika neno "Ilani"

Liandike kwa Arial, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo. Utaona vijiti viwili vilivyosimama pamoja, kisha *ani*. *I* kubwa na *l* ndogo katika Arial na Helvetica ni karibu kitu kimoja. Kwa Kiingereza ni nadra zikutane mwanzoni mwa neno. Kwetu sisi zinakutana katika kichwa chenyewe cha karatasi, na tena katika *Ili*, *Ilikuwa*, *Iliyoko* na Ilala. Katika Verdana na Tahoma, *I* kubwa ina vipandio, yaani vijiti vifupi vya kulala, juu na chini, na tatizo linaisha.

Jaribu jingine la hapahapa ni *umma*, *mmoja*, *mnunuzi*, *wanaombwa*. Kiswahili hupanga *m*, *n*, *u* na *w* mfululizo, herufi zenye miguu mingi na zisizopanda juu wala kushuka chini. Kiingereza kina *t*, *h*, *l* na *d* nyingi zinazovunja mstari na kumpa msomaji umbo la neno. Fonti iliyobana nafasi kati ya herufi itaigeuza *mm* kuwa uzio wa fito, usijue fito ngapi ni za *m* ya kwanza. Tafuta fonti iliyolegea kidogo, au ilegeze mwenyewe. Katika Word nenda `Font`, kisha `Advanced`, na kwenye `Spacing` chagua `Expanded`, nusu pointi kwa maandishi ya pointi 24. Ukilegeza Kiswahili, legeza na Kiingereza kwa kipimo hichohicho.

Usisahau ritifaa ya *ng'*. Andika *ng'ombe* na *kung'oa* katika fonti unayoifikiria, uone kama ritifaa inaacha pengo kubwa kiasi cha kuligawa neno mara mbili. Kisha angalia kama ritifaa zote ni za aina moja. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye simu mara nyingi huja na kijiti kilichonyooka, au hata alama ya kibonye cha pembeni inayolalia kushoto, wakati upande wa Kiingereza Word imekwisha kuweka iliyopinda. Msomaji hataweza kueleza ni nini kilichokosewa, ila ataona kwamba upande mmoja umetengenezwa kwa uangalifu na mwingine haukutengenezwa.

Kwa ilani yetu nilijaribu fonti nne. Century Gothic iliondoka kwa *a*. Arial iliondoka kwa "Ilani". Zikabaki Verdana na Tahoma. Verdana inasomeka vizuri sana kwa mbali, lakini ni pana waziwazi, na maneno marefu kama *kukarabati* yanakula mstari haraka. Tahoma ina *a* nzuri, *I* yenye vipandio, na herufi ndogo zenye kimo kilekile cha Verdana katika upana mdogo. Kasoro yake ni kubana, na hiyo inarekebishika kama nilivyoeleza. Pia ipo kwenye karibu kila kompyuta ya ofisi yenye Windows, jambo ambalo si dogo faili inapopita mikononi mwa watu watatu. Nikachukua Tahoma.

Nne, fonti moja kwa lugha zote mbili

Wapo wanaotoa kila lugha fonti yake, wakiamini kwamba pointi zikilingana hadhi imelingana. Pointi hazipimi kile ambacho jicho linakiona. Jicho linaona kimo cha herufi ndogo kama *a*, *m* na *n*, na kimo hicho hubadilika kutoka fonti hadi fonti. Katika Times New Roman ni takribani 45 kwa mia ya ukubwa uliotajwa, na katika Tahoma ni kati ya 54 na 55. Ukiweka Kiingereza Tahoma pointi 24 na Kiswahili Times pointi 24, *a* ya Kiingereza itakuwa na kimo cha milimita 4.6 na ya Kiswahili 3.8. Karatasi inasema 24 kwa 24, lakini mwenye macho mazito ataona kubwa na ndogo.

Mtu anaweza kupima na kusawazisha fonti mbili zikalingana kwa kimo. Nimefanya hivyo, na sijapata matokeo yaliyoniridhisha. Moja huonekana mwenyeji na nyingine mgeni. Fonti moja, uzito mmoja, ukubwa mmoja, rangi moja: ndipo msomaji hapati mahali pa kushika kulinganisha.

Kuhusu rangi, usitofautishe lugha kwa nyekundu na nyeusi. Nyekundu hufifia haraka juani, na baada ya wiki chache upande mmoja utakuwa umepauka. Na ikipigwa fotokopi, moja itageuka kijivu.

Uzito nao uugawe kwa kazi. Kichwa kiwe kizito katika lugha zote mbili, maelezo yawe ya kawaida katika lugha zote mbili. Ukitaka siku ionekane, ifanye *Jumanne* iwe nzito na *Tuesday* nayo iwe nzito. Fonti isiyo na umbo lake halisi zito usiitumie, kwa sababu kompyuta itazinenepesha herufi kwa nguvu, na tundu dogo ndani ya *a* litazibika. Unajua tayari ni lugha gani itakayoumia.

Tano, tafuta nafasi kwenye karatasi, si kwenye pointi

Ilani ya A3 ukutani husomwa na mtu aliyesimama mita moja hadi mbili. Kwa umbali huo maelezo nayaanzia pointi 24 na kichwa pointi 54. Sasa tuone kama yanatosha.

A3 iliyolazwa ina upana wa milimita 420. Ondoa pambizo za milimita 20 kila upande na uchochoro wa milimita 20 katikati, zinabaki safu mbili za milimita 180 kila moja. Kwa Tahoma pointi 24, safu hiyo inabeba herufi 40 na ushei kwa mstari. Kiswahili kikijumuisha nafasi na nukta kinafika kama 146, basi mistari minne. Kiingereza kinafika kama 128, basi mitatu au minne. Hofu yote ya urefu wa Kiswahili imeishia kwenye mstari mmoja! Uache upande wa Kiingereza ubaki na uwazi huo mdogo chini. Usiunyooshe Kiingereza kwa kukikuza, wala usikibane Kiswahili ili miisho ilingane.

A3 ikisimamishwa wima hesabu inabadilika. Safu zinakuwa za milimita 120 hivi, herufi 27 au 28 kwa mstari, na maneno kama *wanaombwa kuhifadhi* yanaruka mstari na kuacha mapengo. Katika hali hiyo acha safu, weka lugha moja juu ya nyingine kwa upana wote wa karatasi.

Vyovyote utakavyopanga, mistari ianzie sawa kushoto na iachwe huru kulia. Ukinyoosha pande zote mbili, Kiingereza chenye maneno mafupi kitagawana nafasi vizuri, lakini Kiswahili chenye maneno matano kwa mstari kitapata mashimo. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Kompyuta inayodhani inasoma Kiingereza inaweza kukata *wanaom-bwa*, ilhali silabi zetu huishia kwa vokali na mkato unaokubalika ni *wanao-mbwa*. Vilevile chagua maandishi ya Kiswahili, nenda `Review`, `Language`, `Set Proofing Language`, uweke Kiswahili, ili programu isijaribu kuyasahihisha kwa kanuni za lugha nyingine.

Nani akae kushoto au juu? Lazima mmoja atangulie, na hakuna fonti itakayoliondoa swali hilo. Kwa ofisi ya umma ya Kenya naweka Kiswahili kushoto, kwa kufuata mpangilio wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Chenye nafasi ya kwanza kisiongezewe kitu kingine chochote.

Sita, zibadilishe nafasi

Kabla ya kuchapa, nakili faili, kisha mimina maneno ya Kiingereza kwenye safu ya Kiswahili na ya Kiswahili kwenye safu ya Kiingereza, bila kugusa mipangilio. Ikiwa ilani bado inaonekana ileile, usawa upo. Ikiwa Kiingereza ghafla kimekuwa kidogo au kimeinama, umepata mahali uliposahau. Hili ndilo jaribio linalowashawishi wateja haraka kuliko maelezo yangu yote.

Halafu chapa nakala moja kwenye A4. A3 ikipunguzwa kuwa A4 inabaki 71 kwa mia, kwa hiyo kusimama mita 2.1 kutoka kwenye A4 ni kama kusimama mita 3 kutoka kwenye A3. Mwite mtu ambaye hakuandika maneno hayo asome kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza, akisogea polepole. Weka alama sakafuni pale alipoanza kusoma kila lugha bila kusita. Alama mbili zikiwa karibu, ni sawa. Kiswahili kikisomeka kwa kuchelewa, ongeza nafasi kati ya herufi au kuza ukubwa, kwa lugha zote mbili.

Faili ya kupeleka kwa mchapaji iwe PDF, fonti zikiwa zimefungwa ndani yake. Ukilazimika kupeleka ya Word, ingia `File`, `Options`, `Save`, uweke alama kwenye `Embed fonts in the file`, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza.

Nakala ya kwanza ikitoka, chukua rula upime *a* moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Kwa ilani yetu zote ziwe na kimo cha milimita 4.6 hivi. Zikilingana lakini zikasoma 4.3, mashine imeipunguza karatasi nzima ili iingie kwenye pambizo zake. Mwambie mchapaji achague `Actual size` badala ya `Fit`, kisha achape upya.